Ruta ya zamani nimeifanya ripita ya chumba cha nyuma dukani: vimstari vimejaa, intaneti hamna

#1 Stoo_Nyuma
Wakuu, salamu. Ruta kubwa iko mbele, juu ya kaunta. Stoo iko nyuma kabisa, nimehesabu hatua 18 na katikati kuna kuta mbili za zege. Simu ikiingia stoo waifai inakufa, na huko ndiko iliko laptopu ya kuhesabia mali.

Nilikuwa na ruta nyingine imekaa kabatini, ya zamani, antena mbili, chaneli zake zote ni za 2.4 GHz. Nikaingia kwenye ukurasa wake, nikaweka tiki kwenye `Enable WDS Bridging`, nikabonyeza `Survey`, nikachagua jina la ruta kubwa, nikaweka nywila. Ikakubali. Nikaipeleka stoo juu ya meza.

Sasa simu ikiwa stoo inaonyesha vimstari vyote vimejaa, ila kurasa hazifunguki. Mara moja moja inafunguka dakika mbili tatu, halafu kimya. Nimekosea wapi?

#2 BandoLimekata
Hujakosea popote. Huyo mtunza stoo asipopata intaneti ndipo mali inapohesabiwa.

#3 Mzee_wa_Antena
Vimstari vikijaa maana yake mawimbi yapo ya kutosha, kwa hiyo ripita haina kosa. Piga simu kwa wanaokuuzia intaneti. Ikishindikana badilisha antena, weka zile ndefu.

#4 FundiWaya
Mzee #3, hapo pole. Simu iliyo stoo inahesabu vimstari vya ruta iliyo nayo mezani, mita moja. Lazima vijae. Havimwambii chochote kuhusu hali kati ya ruta ya stoo na ile ya kaunta, na huko ndiko intaneti inakopita. Ni sawa na kumsikia mkalimani vizuri wakati yeye mwenyewe hamsikii msemaji.

Stoo_Nyuma, jibu manne kabla hatujakisia: ruta ya zamani ina IP gani? DHCP yake umeizima? Ruta kubwa iko chaneli ipi? Na mbele unapofungua kurasa, hakuna shida?

#5 Stoo_Nyuma
Mbele iko safi, haijawahi kusumbua. Ruta ya zamani nilifungua kwa 192.168.0.1. Ruta kubwa nayo, sasa naona kwenye kibandiko chake, ni 192.168.0.1. DHCP sijaigusa. Chaneli ya ruta kubwa imeandikwa `Auto`.

#6 Dogo_Mtandao
Haha, wafalme wawili kiti kimoja. Zima DHCP zote mbili, kila kifaa kipe IP kwa mkono. Mimi nafanya hivyo siku zote.

#7 FundiWaya
Dogo, umegusa penyewe ila umepitiliza. Akizima zote mbili, kila mteja au mfanyakazi anayeingia na simu mpya atakaa bila IP. Mgawaji abaki mmoja, ruta kubwa. Wa stoo ndiye anyamaze.

Stoo_Nyuma, hii ndiyo hali yako. Laptopu ya stoo inaomba IP, ruta iliyo karibu inawahi kuijibu na kuiambia "njia ya kutoka nje ni mimi, 192.168.0.1". Laptopu inatuma kila kitu kwake, naye hana njia ya nje. Zile dakika mbili inapofunguka ni pale ruta kubwa inapowahi kujibu. Ndiyo maana inakuja na kuondoka badala ya kukataa moja kwa moja.

Anza upya, na ufuate mpangilio huu kwa sababu ukiuvuruga utajifungia nje:

Rudisha ruta ya zamani ilivyotoka kiwandani, bonyeza kitufe cha nyuma kama sekunde 10 hadi taa zote ziwake pamoja. Chomeka laptopu kwa waya kwenye tundu la LAN, siyo lile la WAN lenye rangi tofauti. Ondoa laptopu kwenye waifai ya duka kwanza, la sivyo ukiandika 192.168.0.1 unaweza kujikuta umefungua ruta kubwa.

Kitu cha kwanza kabisa badilisha IP ya LAN iwe 192.168.0.254. Ukurasa utakatika, ni kawaida. Andika hiyo anwani mpya uingie tena. Angalia kwenye ruta kubwa kwamba 254 haimo kwenye zile inazogawa.

Halafu nenda kwenye ruta kubwa, ondoa `Auto`, weka chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache. Upana weka 20 MHz. Rudi kwenye ruta ya zamani uweke chaneli hiyohiyo, ndipo ufanye WDS na `Survey`. Ina redio moja tu, kwa hiyo haiwezi kuongea na mbele kwenye chaneli 6 na kuhudumia stoo kwenye 11. Ruta kubwa ikijihamishia chaneli usiku, daraja linavunjika na wengine husubiri hadi mtu aende kuwasha upya.

DHCP ya ruta ya zamani izime mwisho kabisa. Ukishaizima na bado huwezi kuingia kwenye ukurasa wake, ipe laptopu IP kwa mkono, mfano 192.168.0.50, mask 255.255.255.0.

Jina la waifai ya stoo lipe tofauti kwa sasa, DUKA-NYUMA au vyovyote. Ukiweka jina moja hutajua simu yako imeshika ipi, utapima kitu kingine ukidhani ni kingine.

#8 Kipima_Hewa
Naongeza kwa #7: ruta ya zamani usiiweke stoo. Hilo ndilo kosa la karibu kila mtu. Kama simu haishiki stoo, na ruta haitashika vizuri mahali hapohapo. Weka njiani, pale ambapo mawimbi ya mbele bado yana nguvu.

Simu nyingi unaweza kuwekea programu ndogo inayoonyesha dBm. Ungana na waifai ya mbele, tembea taratibu kuelekea nyuma. Namba ni hasi, kwa hiyo -60 ni bora kuliko -80. Tafuta mahali pa mwisho inapokaa -65 au karibu na hapo. Ukipita -75 utaungana lakini utateseka.

#9 Mzee_wa_Antena
Kipima_Hewa sawa, na mimi nakubali nilikosea vimstari. Lakini antena ndefu zinasaidia, msinibishie. Nilibadilisha zangu na chumba cha nyuma kikapata.

#10 Kipima_Hewa
Zinasaidia, mzee, kwa upande. Antena ndefu ya kusimama inabana mawimbi yaende mbali zaidi usawa wake, na inapunguza ya juu na chini. Kama stoo iko sakafu hiyohiyo utapata. Mwenye stoo ghorofani anaweza kupoteza hata alichokuwa nacho.

#11 Mzee_wa_Antena
Basi tumeafikiana, ingawa umenifunga bao.

#12 DadaKaunta
Naomba nilete yangu, inafanana. Ruta yangu haikuwa na WDS, ilikuwa na kitu kinaitwa `WISP`. Intaneti nyuma ikaja mara moja, nikafurahi. Sasa printa ya lebo iko nyuma, na kompyuta ya kaunta iko mbele. Mbele nikituma, printa haionekani. Cha ajabu, laptopu ya nyuma inachapa kwenye printa ya risiti ya mbele bila tatizo. Nimeweka printa upya mara nne.

#13 FundiWaya
DadaKaunta, acha kuiadhibu printa. Kwenye `WISP` ruta ya nyuma inaichukulia waifai ya mbele kama intaneti ya nje, halafu inajenga mtandao wake wa pili nyuma yake. Tazama IP: mbele utaona mfano 192.168.0.x, nyuma 192.168.1.x. Wa nyuma wanaweza kutoka kwenda mbele, wa mbele hawawezi kuingia nyuma. Ndiyo maana uchapaji unakwenda upande mmoja.

Kwa intaneti tu hiyo njia haina ubaya, tena ni ngumu kuiharibu. Kwa printa, kamera au folda ya pamoja unahitaji daraja, siyo `WISP`. Tafuta kama ukurasa wako una `Repeater` au `WDS`. Ukikosa kabisa, hamishia kompyuta ya kuchapia lebo nyuma.

#14 DadaKaunta
Jamani! Mara nne! Asante. Nimeangalia, kweli nyuma ni 192.168.1.x.

#15 LainiMbili
Habari. Mimi nina kile kiruta cha laini cha kuchaji. Naweza kukiweka stoo kikaongeza kasi?

#16 BandoLimekata
Ukiweka laini mpya stoo hiyo si ripita, hiyo ni kumpa mtunza stoo bando lake mwenyewe.

#17 Kipima_Hewa
LainiMbili, hilo ni jambo lingine. Utapata mitandao miwili isiyojuana. Fungua uzi wako utajibiwa vizuri zaidi.

#18 Stoo_Nyuma
Narudi na ripoti. Nimefuata #7 yote. Nilijifungia nje mara moja kama ulivyosema, nikaingia kwa 192.168.0.50. Chaneli nimeweka 6 kote.

Nimepima kwa simu kama alivyoshauri Kipima_Hewa. Stoo mezani ilikuwa -82. Kwenye ujia, juu ya mlango unaotenganisha duka na stoo, ni -63. Nimeipigilia hapo. Sasa laptopu ya stoo inafungua kila kitu, na printa inaonekana kutoka pande zote. Mbele napata Mbps 20, stoo 8. Je, hiyo tofauti ni sawa?

#19 Dogo_Mtandao
Ripita inakata kasi nusu, sheria ya dunia. 20 ingekuwa 10, hizo 2 zingine zimepotea kwenye zege.

#20 FundiWaya
Dogo, nusu hiyo ni ya uwezo wa redio, siyo ya kasi unayonunua. Redio moja inapokea pakiti kisha inairudia hewani kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kila pakiti inakula muda mara mbili. Kama redio ingekuwa inapitisha 60 kwa kweli, nusu yake 30, na intaneti yako ni 20, usingeona tofauti yoyote. Yeye kupata 8 inaonyesha redio hizo mbili zinapitishiana kama 16 hivi, na kwa ruta ya umri ule ukutani palepale, sishangai. Kuhesabu mali 8 inatosha na kubaki.

#21 Waya_Haudanganyi
Mnazunguka sana. Vuta waya mmoja kutoka kaunta hadi stoo. LAN kwa LAN, DHCP imezimwa, WDS imezimwa. Hakuna nusu, hakuna chaneli kufanana, hakuna zege. Mita 100 za waya wa mtandao zinakubalika, yeye hana hata 20.

#22 Stoo_Nyuma
Mwenye jengo hataki ukuta utobolewe. Ndiyo maana niko hapa.

#23 DadaKaunta
Waya_Haudanganyi na wewe una hatari yako. Mimi niliwahi kuwa na vyote viwili, waya na daraja la hewani. Mfanyakazi alikuta waya umelala sakafuni, kwa wema wake akauchomeka ruta hadi ruta. Taa zote zikawa zinapepesa kama za harusi, duka zima halina intaneti, hata mbele. Saa tatu tunatafuta. Kuuchomoa tu, kila kitu kikarudi.

#24 FundiWaya
Huo ni mzunguko. Ujumbe unaotumwa kwa wote unapita kwenye waya, unarudi hewani, unaingia tena kwenye waya, hauishi. Chagua njia moja.

#25 Dogo_Mtandao
Ruta yangu ya zamani nikibonyeza `Survey` inaona majirani wote ila haioni ruta kubwa yangu iliyo mita mbili. Simu inaiona. Uchawi?

#26 Kipima_Hewa
Angalia ruta kubwa iko chaneli gani. Ikiwa 12 au 13, na ruta ya zamani imewekwa eneo linaloishia 11, haitaiona kamwe. Au ruta kubwa inarusha 5 GHz tu kwa jina hilo. Ikiwa inaonekana lakini inakataa nywila sahihi, angalia kama umeweka WPA3. Ruta za zamani haziijui, rudisha WPA2 yenye AES.

#27 Dogo_Mtandao
13! Nimehamia 11 imeonekana. Mkuu umenipunguzia mganga.

#28 Stoo_Nyuma
Wakuu, siku ya nne leo. Mchana wote iko sawa. Kila jioni, kuanzia saa 12 na nusu hivi hadi tunapofunga, stoo inakatikakatika. Mbele hakuna shida. Chaneli bado 6, nimehakikisha. Nini tena?

#29 Mshika_Adapta
Adapta. Ruta za kabatini hupotezana na adapta zake. Yangu ilitaka 12V nikaipa 9V, ikawaka vizuri kabisa, taa zote, ila kila ikipata kazi inajizima. Volti lazima zifanane na zilizoandikwa chini ya ruta, ampea zifanane au zizidi. Na adapta iliyozeeka huonyesha udhaifu jioni umeme ukishuka.

#30 Dogo_Mtandao
Majirani. Jioni kila mtu yuko kwenye waifai. Chaneli 6 imejaa.

#31 Mzee_wa_Antena
Joto. Umeipigilia juu ya mlango, hewa ya moto inapanda, imechemka mchana kutwa.

#32 FundiWaya
Kabla ya kugawana ubingwa, apime. Jioni ikianza, kaa stoo na laptopu, fungua madirisha mawili ya amri, kila moja na mstari wake:

```
ping -t 192.168.0.254
ping -t 192.168.0.1
```

La kwanza ni ruta ya ujiani, la pili ni ya kaunta. Yote mawili yakitulia na kurasa bado hazifunguki, tatizo liko nje ya duka. La kwanza likitulia na la pili likiyumba, ni hewa kati ya ruta mbili. Yote yakiyumba, ni laptopu na ruta ya ujiani. Pia ingia ukurasa wa `Status` wa ruta ya ujiani usome imewaka kwa muda gani. Kama imekuwa ikijizima, muda huo utaanza sifuri.

#33 Stoo_Nyuma
Nimefanya. Dirisha la kwanza linakaa 2 hadi 4 ms bila kuyumba. La pili lilikuwa 5 ms, ilipofika saa 12:40 likaanza 180, 400, halafu `Request timed out.` mfululizo. `Status` inasema imewaka siku 4. Nimeigusa, ni vuguvugu tu.

Adapta nimesoma, 9V na ruta inataka 9V.

#34 Mzee_wa_Antena
Basi joto nalifuta.

#35 Mshika_Adapta
Mimi silifuti langu. Adapta dhaifu si lazima izime ruta. Inaweza kuiacha hai lakini redio ikatuma kwa unyonge. Jaribu adapta nyingine yenye volti hizohizo jioni moja.

#36 FundiWaya
Mshika, ikiwa redio inatuma kwa unyonge, laptopu iliyo karibu isingehisi, hilo nakupa. Ila kwa vyovyote tumeshajua ni kipande cha kaunta hadi ujiani.

#37 Waya_Haudanganyi
Swali moja dogo. Saa 12 na nusu mnafunga nini hapo dukani?

#38 Stoo_Nyuma
Hatufungi, tunafunga saa 2. Ila… ule mlango wa chuma wa ujiani, ambao ruta iko juu yake, mtunza stoo huurudisha giza likiingia. Mchana unakaa wazi umeegemea ukuta.

#39 BandoLimekata
Nilisema ni mtunza stoo tangu #2.

#40 Kipima_Hewa
Ruta iko upande gani wa mlango? Wa duka au wa stoo?

#41 Stoo_Nyuma
Upande wa stoo. Nilipopima -63 mlango ulikuwa wazi.

#42 Waya_Haudanganyi
Karatasi ya chuma kati ya ruta mbili, na wewe unauliza nini. Ihamishie upande wa duka.

#43 Dogo_Mtandao
Lakini ruta iko juu ya mlango, siyo nyuma yake, mawimbi yanapita kwenye ukuta wa juu. Na mlango ungeanza kuharibu mara moja, siyo kupanda 180, 400 taratibu. Kupanda hivyo ni msongamano. Nasimama na majirani.

#44 Kipima_Hewa
Dogo ana hoja nusu. Ukuta wa juu ni zege, mchana mawimbi mengi yalikuwa yanapita uwazi wa mlango. Ukifungwa yanabaki yale dhaifu ya ukutani, na yakiwa dhaifu ndipo hata majirani wachache wanatosha kuyazidi. Yanaweza kuwa yote mawili.

Fanya hivi kesho: saa 5 asubuhi, majirani wakiwa kimya, funga mlango dakika 10 uangalie dirisha la pili. Jioni uache wazi.

#45 Mshika_Adapta
Na adapta pia, tafadhali.

#46 Stoo_Nyuma
Nimefunga mlango saa 5 asubuhi. Dirisha la pili lilipanda toka 5 hadi 40, 60 ms, likakatika mara mbili tu ndani ya dakika 10. Siyo kama jioni. Jioni nitaacha wazi, ila mtunza stoo ameshauliza kwa nini mbu waingie kwa ajili ya waifai.

#47 BandoLimekata
Mwambie ahesabu na mbu, ni mali iliyoingia.